Ujumbe Ulioingia Kwenye Simu ya Mume Wangu

Simu ikiwa kwa fundi, mwenye simu hana simu. Jambo dogo kama hilo ndilo lililonimaliza, na hadi leo nikilikumbuka nasikia joto kifuani.

Nilikuwa nauza mchele wa Kamsamba. Sikuwa na duka. Nilikuwa na magunia machache kwenye chumba cha mbele cha nyumba tuliyopanga Mpemba, nje kidogo ya mji wa Tunduma, mizani ya kuazima na mtoto mgongoni. Mteja aliyenibeba alikuwa mama mmoja Mzambia, mpishi wa gesti upande wa Nakonde. Alikuwa ananipigia asubuhi na kusema anataka kiasi gani, mimi napima, namkabidhi mwenye baiskeli, mzigo unavuka mpaka. Mambo ya kuandika meseji hakuyataka kabisa. Yeye na kupiga tu. Usipopokea, au ukipokea asikusikie, anampigia mwingine, na Tunduma hii wauza mchele hatuna idadi.

Basi simu yangu ikaanza ujinga. Unaichomeka usiku, alama ya chaji inaonekana, asubuhi unaikuta palepale au imeshuka. Halafu watu wakawa hawanisikii. Mimi nawasikia vizuri, wao wanasema niko mbali kama niko ndani ya pipa.

"Wewe unaongea kama unaombea chakula," mume wangu akaniambia. "Paza sauti."

Nikapaza. Majirani wote wakaijua bei ya mchele wangu, isipokuwa mteja.

Nikaipeleka mjini kwa fundi, kijana mwenye maneno mengi, kibanda chake kimebanwa kati ya muuza kava na muuza soksi. Akachungulia tundu la chaji kwa tochi, akacheka.

"Dada, humu umeweka ghala? Pumba tupu."

Akaisafisha kwa brashi na spiriti, akachomeka, akatikisa kichwa. Akasema lazima aifungue apime, kisha ataniandikia ugonjwa ni nini na gharama ni kiasi gani, mimi nichague. Kabla sijajibu hagusi kitu. Nikampenda kwa hilo. Akakata kipande cha selotepu ya karatasi, akakibandika mgongoni mwa simu aandike namba.

"Nikupate kwa namba gani?"

Mwanamke aliyeolewa anataja namba gani pale? Nikataja ya mume wangu.

Mume wangu anabadilisha matairi ya malori kule yanakopanga foleni. Simu yake anaondoka nayo asubuhi, anarudi nayo jioni. Jioni ile niliiomba nikampigia mteja wangu, nikamwambia simu yangu iko kwa fundi, kwa sasa apige hapa. Akapiga kweli, mara ya kwanza, mara ya pili. Mume wangu akarudi amefura.

"Siku hizi mimi ni katibu wako? Nimeshika jeki, mtu ananiuliza habari za mchele. Wenzangu wananiita mama mchele!"

Nikamuuliza tu, "Fundi hajaandika?"

"Ameandika. Ni betri. Kesho kachukue."

Maneno hayo tu. Mimi nikaamini, kwa sababu gani nisiamini?

Kesho yake fundi hakuwepo, alikwenda kula. Aliyenipa simu ni muuza kava. "Betri mpya, elfu ishirini na tano." Nikalipa, hela ya mchele wangu mwenyewe. Simu ilikuwa imejaa mpaka mia. Nikatembea nayo kama nimenunua gari. Nikampigia mama wa Nakonde nimwambie nimerudi. Akasema, "Hallo? Hallo?" akakata. Nikasema mtandao.

Betri ilikaa vizuri kuliko zamani, sikatai. Ilipoisha nikachomeka. Asubuhi alama ya chaji inawaka na simu ina asilimia nne. Akapiga yule mama wa Nakonde, kwa salamu zake za Kibemba, ananiita bamayo, yaani mama.

"Hallo, bamayo? Bamayo, mulishani? Hallo?"

"Nakusikia, bamayo! Mchele upo! Nikuwekee kiasi gani?"

"Hallo? Awe, hapana, huyu mtu haongei."

Akakata. Akapiga tena, nikapiga kelele mpaka mtoto akashtuka akalia. Nadhani alichosikia ni kilio cha mtoto kwa mbali. Mara ya tatu simu ikazimika mkononi mwangu, inaita.

Nilifika kwa fundi sijafunga hata kilemba. Sikusalimia.

"Mwizi wewe! Nirudishie hela yangu. Umeniwekea betri ya maonyesho!"

"Dada, taratibu..."

"Taratibu ya nini? Taratibu mwambie mama yako! Simu haichaji, watu hawanisikii, umenibadilishia nini humu ndani?"

Muuza soksi akaacha kupanga soksi zake. Watu wawili wakasimama. Fundi akaniangalia, na nikaona hana uso wa mtu aliyekamatwa. Ana uso wa mtu anayeshangaa.

"Dada, mbona nilikuandikia? Mkachagua wenyewe."

"Aliyechagua nani?"

Akatoa simu yake, akatafuta, akanipa. Nimesoma mpaka kidato cha nne. Kusoma najua. Nikasoma nimesimama, mtoto ananivuta sikio.

"Habari dada. Simu nimeifungua. Betri yako imechoka kidogo lakini haijavimba, nimeichaji pembeni kwa mashine imejaa na inashika. Tatizo kubwa ni bodi ya chaji, ile ndogo ya chini yenye tundu la chaja. Imeingia unyevu na pumba, ina kutu. Nikipima, moto unaoingia ni kidogo sana, hata nikijaribu betri nyingine nzima ni hivyohivyo. Maiki nayo iko kwenye bodi hiyohiyo, ndiyo maana hawakusikii. Chagua: 1. Betri mpya elfu 25, inatoka leo. Itakaa na chaji zaidi, lakini ikiisha utarudi palepale na maiki haitapona. 2. Bodi ya chaji elfu 20, naagiza Mbeya, siku mbili. Chaji na maiki vitapona, betri utaendelea na hiyo ya zamani. 3. Vyote elfu 40. Mimi nakushauri namba 2. Bodi nakupa garantii ya mwezi, isipokuwa ikiingia maji. Nasubiri jibu lako."

Nilisoma mara mbili. Kila kitu kilikuwa kimeandikwa. Kimeandikwa kwangu, "dada," kwa heshima, na aliyekipokea ni mtu mwingine.

Chini yake jibu la mume wangu: "Mke wangu hayupo. Weka betri itoke leo."

Fundi hakukubali haraka, namshukuru kwa hilo. Aliandika tena: "Kaka, betri haitatibu. Muulize kwanza mwenye simu."

Na mume wangu: "Mwenye simu ni mke wangu na mimi ndiye mume. Gari isipowaka unaanza na betri. Siku mbili zingine sikai na simu za wateja wake. Yeye haya mambo hayajui, usimchanganye."

Muuza soksi akaniuliza, "Vipi, dada, amekuibia?"

"Hapana," nikasema. "Siyo huyu."

Nikamgeukia fundi, maana hasira ilikuwa bado inatafuta pa kutua. "Na wewe ulijua. Kwa nini hukunisubiri?"

"Ningekuuliza wapi, dada? Simu yako ninayo mimi."

"Ungesubiri nije!"

"Mume kajibu. Mimi nikigoma, kesho anakuja hapa na spana." Akakwaruza shingo. "Lakini ni kweli. Ningesubiri."

Akaniambia nilipe bodi tu, kazi yake ataniachia bure. Nikamwambia huruma sitaki, nataka simu. Tukakubaliana elfu kumi na tano, nilipe ikishapona. Akachukua ile selotepu ya karatasi aandike tena namba.

"Usiandike kitu," nikamwambia. "Nitakuja mwenyewe."

Nikaja kweli. Kutoka Mpemba mpaka mjini, mtoto mgongoni, nakaa kwenye benchi lake la mbao, namuuliza imefika, ananiambia bado, narudi. Nyumbani sikusema neno. Mume wangu aliniuliza kama simu ni nzima, nikasema naichaji kwa jirani. Nilitaka nimwambie nikiwa na simu yangu mkononi, inayofanya kazi, asipate pa kusema.

Bodi ilipofika nilikaa nikamwangalia anavyoifunga. Kipande kidogo, hakizidi kidole. Akachomeka waya wa chaja wenye kipimo katikati, namba ndogo zikapanda. "Unaona? Sasa inakula." Akafungua kinasa sauti akaniambia niongee chochote. Nikasema, "Mchele upo, super, hauna mawe." Akairudisha tusikie. Sauti yangu ikatoka pale mezani, kubwa, kavu, kila mtu akasikia. Muuza kava akasema, "Dada, kumbe una sauti ya redio!"

Nikampigia mama wa Nakonde palepale, nikiwa nimeweka spika.

"Hallo, bamayo."

"Ah! Leo nakusikia vizuri sana, bamayo! Kama uko hapa karibu."

"Simu ilikuwa mbovu. Sasa imepona. Mchele upo."

Alikuwa mtu mwema, hakutaka kuniumiza. "Awe, bamayo. Mimi nina wageni wa kula kila siku. Nilikuita, nikakuita. Nimepata mwingine, tumepatana mpaka mwisho wa msimu. Ungeniambia mapema."

"Ningekuambiaje?"

Hakunielewa. Akanitakia heri, akaniambia nimsalimie mtoto, akakata. Nilibaki naitazama simu. Chaji ilikuwa inapanda vizuri, asilimia moja baada ya nyingine, ya kufanyia nini sijui. Magunia yale nilikuja kuyauza rejareja, kilo moja, nusu kilo, kwa majirani wanaosema watalipa Ijumaa. Msimu ulipoisha sikununua mengine. Mizani nilirudisha.

Lakini hayo ni ya baadaye. Nikiwa bado pale kwenye benchi, simu ikaita. Mume wangu. Fundi alikuwa ameishika anafuta vumbi, akaipokea kwa spika, akanipa.

"Uko wapi wewe? Nimerudi, nyumba imefungwa."

"Niko kwa fundi. Naweka bodi ya chaji."

"Bodi gani tena? Si betri ni mpya?"

"Fundi aliniandikia ujumbe," nikasema, polepole, bila kupaza. "Nimeusoma wote. Na majibu yako nimeyasoma. Yule mama wa Nakonde ameondoka. Unanisikia?"

Nikasikia lori linapiga honi upande wake.

"Unanisikia?"

"Hallo?" akasema. "Hallo? Sikusikii. Hiyo simu bado ni mbovu." Akakata.

Fundi akainama haraka juu ya kazi nyingine aliyokuwa nayo mezani. Akatafuta bisibisi iliyokuwa mkononi mwake. Kisha akasema, bila kuniangalia:

"Dada, maiki ni nzima. Nimeipima mwenyewe."

"Najua," nikamwambia, nikamlipa elfu kumi na tano zake.