Tulivyodai Dhamana kwa Adabu

Kamati yetu haijui kugombana. Nasema hivi kwa uchungu, maana mimi ndiye katibu wake, na mimi kugombana najua. Ushirika wetu wa maziwa hapa Ndabibi una viongozi wapole kiasi kwamba ng'ombe akimkanyaga mmoja wao mguu, yeye ndiye ataomba msamaha.

Tulikuwa tumempa mkandarasi kazi ya kujenga nyumba ya mtambo wa kupoza maziwa. Akainua kuta, akatia madirisha upande mmoja, kisha akasema anaenda kuleta mabati. Mabati hayo sijui aliyaagiza nchi gani. Simu akawa hashiki, hata ilani ya maandishi niliyompelekea hakuijibu. Mtambo ukakaa chini ya turubai, na maziwa ya jioni, ambayo hayawezi kungoja gari la asubuhi bila kuharibika, yakawa ya kumwagwa. Aliyeumia kuliko wote ni mweka hazina wetu, mama mjane anayeishi kwa ng'ombe wake. Kila jioni alikama huku akijua anaukamia mtaro. Aliniambia siku moja kwamba mikono inamuuma zaidi kukama maziwa ya kumwaga kuliko ya kuuza, na nilimwamini.

Bahati nzuri, wafadhili waliotupa mtambo walikuwa wamelazimisha mkandarasi alete dhamana ya benki. Ilikuwa karatasi moja tu. Ilisema benki itatulipa, mkandarasi apende asipende, tukipeleka dai la maandishi lenye sahihi ya mwenyekiti na ya mweka hazina, linalosema kwamba mkandarasi amevunja mkataba na ameuvunja kwa namna gani. Dai liandamane na dhamana yenyewe, ile asili, na vyote vifike kwenye kaunta ya tawi la Nakuru kabla benki haijafunga siku ya mwisho iliyotajwa. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa. Ikipita, dhamana imekufa, na paa letu limezikwa nayo.

Tulikaa Jumatano kuandika. Mimi niliandika haraka: amevunja mkataba, ameacha kazi bila kuezeka. Mwenyekiti akavua miwani.

"Katibu, maneno hayo ni makali. Huyu ni mtoto wetu."

Kweli alikuwa mtoto wetu. Mweka hazina na marehemu mumewe ndio waliosimamia ndoa yake kanisani. Kamati nzima ikamgeukia mama wa watu, naye akatazama meza. Basi ikatoka barua ya mwenyekiti. Ilimshukuru mkandarasi kwa ushirikiano wake mwema. Ikasema kazi imechelewa kidogo kutokana na changamoto zilizo nje ya uwezo wake. Ikamalizia kwamba iwapo hatarudi, tunaiomba benki itufikirie. Nje ya uwezo wake! Mtu niliyemwona kwa macho yangu mjini Nakuru akimjengea mwingine gorofa! Tena mwenyekiti akaagiza mkandarasi apelekewe nakala, asije akasikia mambo kwa watu. Ile dhamana asili akaifungia nyumbani isipotee njiani, tukabeba fotokopi. Nilisema niliyoyasema. Kwenye kumbukumbu za mkutano hayamo, na mwandishi wake ni mimi.

Alhamisi tukafika Nakuru. Afisa wa dhamana alikuwa msichana mdogo, mtulivu mpaka anakera. Alisoma barua yetu mara moja tu.

"Mzee, hii ni barua ya shukrani."

Mwenyekiti akatabasamu. Alidhani amesifiwa.

Msichana akaeleza. Hakuna mahali tunaposema mkataba umevunjwa. Tunasema "iwapo", na dhamana haitaki iwapo. Na asili iko wapi?

"Kwani wewe hujui jengo halina paa?" nikamuuliza. "Twende Ndabibi ukaone!"

"Mama, hata nikienda nikaone, haitasaidia. Mimi naangalia karatasi, siangalii jengo."

Akatupa maandishi ya kukataa dai, yenye sababu zote. Akasema dhamana bado iko hai mpaka kesho saa kumi jioni, tunaweza kuleta dai lingine, lakini yeye hawezi kutuandikia. Nilimlaani msichana yule kutoka Nakuru mpaka Gilgil. Hapo Kikopey, penye vibanda vya nyama, mwenyekiti akaanza kupunguza mwendo, eti tule nyama choma kwanza, watu wakishiba wanashauriana vizuri. Nikamwambia, "Mzee, ukisimamisha hii pickup, kutoka hapa naendesha mimi." Hakusimama, lakini alininunia mpaka nyumbani.

Tulimkuta mweka hazina akikama. Nikamsomea dai jipya: mkandarasi amevunja mkataba kwa kuacha kazi kabla ya kuezeka paa, na kwa kukosa kurudi hata baada ya kupewa ilani. Hakuna shukrani, hakuna iwapo. Mwenyekiti, nikiri, alikuwa muungwana. Hakumficha kitu.

"Mama, ukitia sahihi hapa, benki itatulipa sisi, halafu imgeukie yeye. Ameweka shamba lake rehani huko. Usije ukasema hukuambiwa."

"Kuna uongo hapo?"

"Uongo hakuna, ila..."

"Nimeuliza kama kuna uongo."

Akanawa mikono, akaikausha kwa leso, akatia sahihi. Kisha akabeba mkebe mpaka mtaroni, akamwaga maziwa kama jana na juzi. Machozi yalinilenga, na hasira pia, nikashindwa kujua nianze na lipi.

Ijumaa asubuhi tulikuwa kaunta na dai na asili. Msichana akaweka karatasi mbili sambamba, akazifuata kwa kalamu neno kwa neno, akalinganisha sahihi, akagonga muhuri wa kupokea. Kisha, kama utaratibu unavyotaka, akampigia mkandarasi kumjulisha. Na wacha nikuambie, simu ya benki aliishika! Hata nakala yetu ya dai lenye muhuri haijatoka, alikuwa keshafika, viatu vimejaa saruji ya gorofa ya watu, barua ya mwenyekiti mkononi.

"Madam, soma! Wao wenyewe wanasema ni mambo yaliyo nje ya uwezo wangu! Wananishukuru! Halafu mvua ilinyesha vibaya, picha ninazo!"

Mwenyekiti alitamani sakafu immeze. Kila neno alilosoma lilikuwa letu, na muhuri chini ya barua ulikuwa wa ushirika wetu.

"Boss, barua hiyo si dai nililopokea leo," msichana akamjibu. "Kama mvua ilikuzuia, hayo mtayamaliza nyinyi wenyewe, hata kortini. Mimi naangalia kama dai limefuata dhamana. Limefuata."

Sauti ni ile ile aliyotufukuza nayo jana. Ningembeba mgongoni mpaka Ndabibi nikampikie chapati.

Wiki iliyofuata benki ikalipa. Siku mbao na mabati yaliposhushwa, nani akatokea uwanjani? Yule yule ambaye simu zetu zote zilimshinda. Alisalimia kila mtu kwa mkono, akatuambia ametusamehe. Ametusamehe! Mwenyekiti akamshukuru. Mkandarasi akazitazama kuta, akagonga moja kwa kifundo cha kidole.

"Sasa hii kazi ya paa mmempa nani? Mimi hizi kuta nazijua vizuri. Mnajua pia hali yangu, benki inanidai."

Mwenyekiti akakohoa. Nilijua kinachokuja.

"Kijana, tuta... tutalifikiria..."

"Hapana," mweka hazina akasema. Hakupaza sauti. Alimshika mkandarasi mkono, akaushikilia. "Mwanangu, kwenye harusi yako nilisimama, na leo ningesimama tena. Njoo nyumbani unywe chai. Paa huezeki."