Jina Katika Barua ya Klara

Pale Nyamisubi, mtu akitaka barua iandikwe ikaeleweka haangaiki kuuliza huku na huku. Anaambiwa tu, nenda kwa Mama Luka. Mama Luka mwenyewe, Klara, kazi yake hasa ni kupiga video za harusi na vipaimara, na kamera yake imezunguka mpaka Ushirombo. Lakini fahari yake ilikuwa barua. Mwandiko wake umelala vizuri kwenye mstari, "Yah" anaipigia mstari kwa rula, na akishamaliza anakusomea kwa sauti kama padri anayesoma tangazo la ndoa. Kuomba kiwanja, kuomba radhi ukweni, kuomba kazi ya ulinzi mgodini, zote zimepita mezani kwake. "Hii haikataliwi," anakwambia, na kweli haikataliwi. Majisifu yake yanachosha, lakini utamnyamazishaje mtu anayesema kweli?

Kwa hiyo wazazi wa shule ya msingi walipounda kikundi ili watengeneze filamu fupi ya kijiji, kamera na barua vyote viliangukia kwa Klara. Nia yao ilikuwa njema. Watoto wengi walikuwa wakitoka shuleni mchana na njaa, hawarudi; wengine wanaishia mwaloni, kule mawe ya dhahabu yanakopondwa na kuoshwa, wapate chochote cha kutia tumboni. Kikundi kilitaka filamu ioneshwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, watu waone kwa macho yao, wakubali kuchangia uji na makande shuleni.

Mtoto waliyemtaka zaidi ni Blessing wa darasa la sita. Huyo binti anajua kueleza jambo, na darasani haachi swali. Siku za gulio na Jumamosi huenda mwaloni na mama yake, Melania, kuponda mawe. Klara alimfuata Melania nyumbani kwake, akamkuta anachambua mchicha.

"Mwadila, mayu," Klara alisalimia Kisukuma, maana Melania hapendi kusalimiwa kiofisi.

Walizungumza mpaka mchicha ukaisha. Melania aliogopa, na alikuwa na haki ya kuogopa. Mtoto kufanya kazi mwaloni ni kosa la kisheria, na kila mtu anajua.

"Mama Luka, wakimtambua mwanangu nitakimbilia wapi?"

"Sura hatuipigi. Tunapiga mikono tu na sauti. Jina halitajwi, nakuapia."

"Haya. Nimekuamini wewe, si kikundi."

Klara alirudi nyumbani amefurahi, akakaa kuandika. Kwa Mwalimu Mkuu, kisha kichwa cha habari: KUOMBA KIBALI CHA KUPIGA VIDEO WANAFUNZI KWA AJILI YA FILAMU YA JAMII. Alieleza kikundi ni nani, filamu itaoneshwa wapi, watapiga siku gani bila kuvuruga vipindi, na kwamba kila mzazi atatia saini kukubali au kukataa. Barua safi kabisa. Angeishia hapo! Lakini Klara haamini barua isiyo na mfano. Kwake hiyo ni mboga bila chumvi. Akaongeza aya: "Kwa mfano, Blessing Masalu wa darasa la sita, ambaye humsaidia mama yake kuponda mawe mwaloni ili wapate chakula." Aliisoma kwa sauti, akaipenda. Kamera aliiapisha, kalamu akaisahau.

Mwalimu Mkuu, Mwalimu Nkwabi, aliipokea barua akiwa mlangoni, anawahi kikao.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Mama Luka. Mbona haina 'kupitia'? Mimi peke yangu siwezi kuruhusu mtu wa nje apige video watoto. Ipite kwa mtendaji wa kijiji, wa kata, mpaka kwa mkurugenzi wa halmashauri. Kibali kikirudi, mimi sina neno."

Akamrudishia. Klara akaiandika upya, akaongeza "Kupitia" kwa ofisi zote, na aya yake ya mfano akainakili vilevile, neno kwa neno. Kisha akaipeleka kwa Bujiku, mtendaji wa kijiji.

Bujiku si mtu mbaya. Kosa lake, kama ni kosa, ni kwamba anasoma barua mpaka mwisho. Alipofika kwenye jina alivua miwani.

"Mama Luka, hii umeniandikia mimi, ofisini kwangu, nigonge muhuri. Nikigonga nikanyamaza, kesho nitaulizwa nilichukua hatua gani."

Klara aliomba arudishiwe barua, akaiandike tena. Bujiku akatikisa kichwa; alikwisha kuisoma, na kusoma hakufutiki.

Melania aliitwa ofisini. Alielezwa sheria, akaambiwa mtoto akionekana tena mwaloni jambo litafika polisi. Aliitika kila neno, akatoka. Klara alikuwa akimsubiri nje, lakini Melania alipita kama hamjui. Siku iliyofuata chumba chake kilikuwa na kufuli, na jirani akasema wamekwenda Nkome, kando ya ziwa, kwenye dagaa.

Barua yenyewe ilisonga mbele. Bujiku aliitaka upya bila ile aya, ikapita kata, ikapita halmashauri, na kibali kikarudi na mihuri yake yote. Mwalimu Nkwabi alimfungulia Klara darasa la sita. Watoto walikaa wamenyooka, wamepaka mafuta, na dawati la tatu karibu na dirisha lilikuwa na mtoto mmoja badala ya wawili. Klara alipiga alichoweza. Wakitoka, mwalimu alisema kwa sauti ya chini, "Siku ile niliangalia 'kupitia' tu. Ningesoma mpaka chini ningekwambia ulifute lile jina." Klara hakumlaumu. Jina hakuliandika mwalimu.

Filamu ilioneshwa, wazazi wakakubali kuchangia, na uji ukaanza kupikwa shuleni. Watu walimpongeza Klara. Kila pongezi ilimchoma, na alianza kukwepa njia ya shule saa za uji.

Mwishowe alipanda gari mpaka Nkome. Alimkuta Melania mwaloni, maana kule mwalo ni wa samaki, akigeuza dagaa kwenye mchanga. Pembeni Blessing alikuwa na fagio, anafukuza kunguru. Ilikuwa Jumanne, saa za masomo.

"Shikamoo, mama," Blessing alisema, akaangalia chini.

"Marahaba, mwanangu." Klara akamgeukia Melania. "Nisamehe, Mama Blessing. Nilikosea. Sijalala vizuri tangu siku ile."

"Nimesikia," Melania alijibu. Hakuacha kugeuza dagaa.

"Mbona mtoto hayuko shule?"

"Hapa wanataka barua ya uhamisho kutoka kwa Mwalimu Nkwabi. Nikiiomba, wale wa ofisini watajua tuko wapi."

Klara alipiga magoti kwenye mchanga, akaropoka kwa haraka. Uhamisho si jambo gumu. Mwalimu atakubali, hata yeye ana majuto. Barua ya kuomba ataiandika yeye mwenyewe, sasa hivi, fupi, bila mfano wowote, jina na darasa basi. Alikuwa amekwisha kutoa karatasi na kalamu kwenye mkoba.

Melania alifuta mikono kwenye khanga, akaichukua ile karatasi. Aliitazama, nyeupe, haijaandikwa kitu. Akaikunja taratibu, akamrudishia.

"Umeshamwandika mara moja, Mama Luka," alisema. "Inatosha."

Kisha akamwita Blessing aje kushika upande wa pili wa wavu, wafunike dagaa, maana mawingu yalikuwa yanakuja kutoka ziwani.