Marehemu Aliyeendelea Kuchangia Pensheni

Siku chache baada ya mazishi ya dada yake Kitinda, nyapara wa kiwanda cha dobi alifika nyumbani kutoa pole. Alikunywa chai, akakohoa kidogo, kisha akamtazama Kitinda kuanzia miguuni mpaka kichwani kama mtu anayekadiria shuka.

"Mmefanana kweli, wewe na marehemu," alisema.

Kitinda ndilo jina alilopewa nyumbani kwa kuwa alifunga mlango wa uzazi wa mama yake. Marehemu alikuwa kifungua mimba, na baina yao hakubaki mtu. Dada ndiye aliyekuwa nguzo ya nyumba. Alifanya kazi kiwandani, kwenye pasi kubwa ya roli, akinyoosha mashuka ya hospitali na ya mahoteli. Homa ilimchukua upesi, hata ovaroli yake ya mwisho ilikuwa bado imetundikwa kwenye kamba, haijakauka.

"Makao makuu wamesimamisha ajira mpya," nyapara aliendelea kwa sauti ya chini. "Nikiripoti kifo, nafasi inafutwa. Lakini wewe ukija Jumatatu na ovaroli yake, kazi inaendelea. Huko kwetu mtu anaitwa kwa namba ya kifuani. Nani atauliza?"

Kitinda alimgeukia mama yao. Mama alikuwa ameegemea ukuta, rozari mkononi, macho mekundu.

"Nenda, mwanangu," alisema Mama. "Mungu akifunga huku anafungua kule."

Basi Jumatatu akaenda. Ovaroli ilimkaa kama iliyoshonwa kwa kipimo chake. Alijifunza kulisha shuka kwenye roli bila kuunguza vidole, na kupiga kelele kuishinda mashine ya kukamua. Alijifunza pia saini ya dada yake, ile yenye mkia uliopinda kama ndoano, maana dirishani kwa mhasibu mshahara haukutoka bila saini. Mwanzoni aliinakili polepole. Baadaye mkono ukazoea, ukawa unaandika wenyewe.

Alichoshindwa kukizoea ni mvuke. Asubuhi boila ikifunguliwa, chumba kizima kiliingia ukungu mweupe, na wenzake wa zamani wa Dada, waliojua fika kwamba walimzika, walimwita kwa jina la Dada.

"Eh, acheni utani," aliwaambia siku za kwanza.

"Utani gani? Sisi tunamwita mwenye namba, naye anaitika," alijibu mama mmoja mnene wa kitengo cha kukunja, na wote wakaangua kicheko. Kisha wakanyamaza ghafla, kwa sababu ndani ya ule ukungu kulikuwa na mtu mwingine aliyecheka, akachelewa kidogo kumaliza. Hakuna aliyemuuliza mwenzake. Mama mnene alifanya ishara ya msalaba, kazi ikaendelea.

Miaka ikasonga. Kiwanda kikanunuliwa na wenye mali wapya, wakaamuru kila mfanyakazi aandikishwe upya kwa kitambulisho chake na alama za vidole. Nyapara alikuwa keshastaafu. Kitinda akaingia foleni na wenzake, akaandikishwa kwa jina lake mwenyewe, akapewa namba mpya ya uanachama kwenye mfuko wa pensheni. Siku hiyo msimamizi mpya alimwita Kitinda kwa jina lake mara tatu, naye hakugeuka.

Aliamini mambo yamekaa sawa. Makato alikuwa akikatwa kila mwezi, tangu Jumatatu ile ya kwanza. Pesa imekatwa kwenye jasho lake, itapotelea wapi?

Alipotimiza miaka sitini, kiwanda kilimwandalia soda na keki, kikamwambia akapumzike. Akaenda ofisi ya mfuko wa pensheni amevaa gauni la kanisani. Afisa aliyemhudumia alikuwa mama wa makamo mwenye miwani ya kamba, mpole wa sauti.

"Mama, umri umefika, hilo halina shida," alisema afisa akiangalia kompyuta. "Shida ni michango. Ili mtu alipwe pensheni ya kila mwezi mpaka mwisho wa maisha yake, anatakiwa awe amechangia miaka kumi na tano isiyopungua. Wewe unayo kumi na moja."

"Kumi na moja? Mimi nimeingia pale siku nyingi kuliko hizo."

"Hapa ndivyo ninavyoona. Kwa hali hii sheria inasema utalipwa malipo ya mkupuo. Mara moja tu. Ukishayapokea, uanachama umefungwa, hakuna kurudi. Kwa hiyo usisaini kwanza. Mwajiri wako hawezi kukuongeza muda, uendelee kuchangia mpaka itimie?"

"Wameshanipa keki, mwanangu. Magoti haya wameyaona."

"Ungeweza kuendelea kwa hiari, ukajichangia mwenyewe."

"Kwa kipato kipi?"

Afisa alivua miwani. Kitinda aliona ule mkupuo ukija, ukilipa madeni, ukipita kama mgeni wa chakula cha mchana, halafu miezi ikija mitupu, yeye na Mama aliyekuwa hawezi tena hata kujiogesha. Ndipo akasema. Alisema yote: ovaroli, nyapara, namba.

Afisa akaandika jina la Dada kwenye kompyuta. Akasubiri. Uso ukabadilika.

"Amefariki lini?"

Kitinda akamwambia.

"Hapa yuko hai," alisema afisa polepole. "Kifo chake hakijaripotiwa kamwe. Michango yake iliendelea kuingia miaka minne na miezi kadhaa baada ya tarehe hiyo. Kisha ikakatika ghafla, mwezi uleule ambao wewe umeanza." Alisogeza karatasi tupu na kalamu. "Hebu weka saini yako hapa."

Kitinda aliinama, akasaini, akainua kichwa. Afisa alikuwa ameiziba midomo kwa kiganja. Kwenye karatasi kulikuwa na ule mkia uliopinda kama ndoano. Jina lililoandikwa halikuwa lake.

"Yesu wangu," alisema Kitinda. "Sikukusudia."

"Nakuamini. Ila lazima nikwambie ukweli, mama. Kufanya kazi kwa jina la mtu mwingine ni kosa, na mwajiri ndiye aliyepaswa kukuandikisha. Lakini michango ya aliyelala kaburini haiwezi kuwa ya kwake. Ukithibitisha kwamba mchangiaji ulikuwa wewe, inaweza kuhamishiwa kwako. Nitahitaji cheti cha kifo, kiapo cha mahakamani na maelezo ya aliyekusimamia. Mkaguzi wetu atakuja pia nyumbani."

Cheti kilikuwepo, ndani ya Biblia. Kiapo kilipatikana. Nyapara naye, sasa mzee wa kutembelea mkongojo, alikataa kwanza mpaka mkewe alipomfokea kutoka jikoni: "Utamwambia nini Mungu? Kwamba na Yeye ulimpa namba?" Akasaini huku akitukana chinichini.

Kilichobaki ni nyumbani, na nyumbani ndiko kulikomtia Kitinda hofu, kwa sababu ya Mama.

Akili ya Mama ilikuwa imeanza kupotea miaka mingi nyuma. Kila jioni aliona ovaroli ileile ikiingia mlangoni, yenye namba ileile, ikinuka sabuni na mvuke uleule. Taratibu akaacha kumwita Kitinda. Alimpokea kama Dada, akamuuliza habari za Dada, akamwambia siri alizokuwa akimwambia Dada. Na usoni pa Kitinda, kila akijitazama kwenye kioo cha kabati, palikuwa na kitu ambacho hakuwa nacho zamani: kikunjo kilekile cha paji. Alikuwa ameacha kumsahihisha mama yake. Ilikuwa sadaka ndogo, alijiambia, kumwachia mzee mtoto mmoja aliyemkosa.

Mkaguzi alikuja mchana, kijana mnyenyekevu mwenye mkoba. Aliamkia, akaketi kwenye kigoda karibu na kitanda.

"Shikamoo bibi. Huyu hapa ni nani kwako?"

"Marahaba. Huyu ni mwanangu mkubwa," alijibu Mama bila kusita. "Anafanya kazi kwa madobi."

"Na yule mdogo yuko wapi?"

"Tumemzika." Mama alishika mkono wa Kitinda, akaupapasa. "Alikufa kwa homa. Masikini Kitinda wangu. Hata hakuolewa."

Mkaguzi aliacha kuandika. Kitinda alihisi baridi ikimpanda kutoka nyayo, ilhali bati lilikuwa linaunguza. Aliyejifunza kuwa marehemu alikuwa yeye, na sasa mama yake mzazi alikuwa akishuhudia hivyo mbele ya serikali. Akafungua mdomo aseme jina lake, lililomjia likawa la Dada, akaufunga. Kwa kitambo kidogo hakuwa na hakika.

Akasali moyoni, maneno mawili tu: Bwana, nijue.

"Mama angu," mkaguzi alimwambia, sasa kwa tahadhari, "lete dole gumba."

Ndani ya mkoba mlikuwa na nakala ya fomu ambayo Dada aliijaza alipoandikishwa kwenye mfuko mara ya kwanza, nayo ilikuwa na alama ya dole lake la wino. Mkaguzi aliweka la Kitinda kando yake, akainama na kioo cha kukuzia. La Dada mistari ilizunguka kama kisima. La Kitinda mistari ilipanda na kushuka kama kilima.

"Nitapeleka kwa wataalamu," alisema, "lakini hata mimi naona. Hawa ni watu wawili."

Kitinda alilia kama mtu aliyeitwa kwa jina lake kutoka mbali.

Iliwachukua miezi kadhaa. Mwishowe afisa wa miwani ya kamba alimwita na kumwonyesha kompyuta. Miaka minne na miezi yake ikatoka kwenye jina moja ikaingia kwenye jingine, na kumi na tano ikatimia, ikazidi kidogo. Ile aliyochangia Dada mwenyewe enzi za uhai wake ilibaki kwake. Nayo haikufika kiwango, kwa hiyo Mama, akiwa mrithi, alikuwa alipwe mkupuo mdogo.

"Sasa lazima nimfunge," alisema afisa. "Nikibonyeza hapa, mfumo utasoma marehemu. Uko tayari?"

Kitinda alitazama jina la dada yake, akaitikia kwa kichwa. Likatoweka kwenye orodha ya wanachama hai.

Aliporudi nyumbani, Mama alikuwa ameketi kitandani wima, jambo ambalo hakuliweza tangu kiangazi.

"Kitinda," alisema. Hakuwa amemwita Kitinda kwa jina hilo kwa miaka kumi na kitu. "Dada yako amefariki leo mchana. Amekuja kuniaga."

Kisha mzee akaangua kilio, kilio kibichi, cha msiba wa siku hiyo. Majirani wakaja mbio wakiuliza ni nani. Kitinda hakujua awajibu nini. Akatandika mikeka, akakoka moto wa chai, akaketi miongoni mwa wanawake waliokuwa wakisali, akapokea pole moja baada ya nyingine, na safari hii kila alipoitwa kwa jina lake, aliitika.

Pensheni ya kwanza iliingia mwisho wa mwezi. Alinunua nepi za Mama, akalipia misa ya dada yake.