Bima ya Simu Iliyokwisha Kuuzwa

Wateja walimwita Vidole, kwa sababu alisuka upesi hata mtoto mtukutu hakupata nafasi ya kulia. Saluni yake ilikuwa chumba kimoja chenye kioo kirefu, viti viwili na feni iliyolalamika kuliko wateja. Kazi yake yote ilikaa ndani ya simu: picha za mitindo, miadi, na namba za mabibi harusi. Kwa hiyo simu ilipochopoka mfukoni mwa aproni na kuangukia sakafuni kifudifudi, kioo kikapasuka na picha ikazimika, bi harusi aliyekuwa kitini ndiye aliyepiga kelele.

"Mama weee! Na mtindo wangu uko humo!"

"Tulia, mwanangu, usije ukatoka kichwa upande. Simu ina bima."

Hakuwa na shaka hata chembe. Bima hiyo alikatiwa na mdogo wake mwenyewe, kitinda mimba aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Sasa kijana huyo alikuwa na duka la simu, tena wakala wa kampuni ya bima. Ndiye aliyemuuzia simu hii mpya, na ndiye aliyemtafutia seremala wa kununua ile ya zamani. Siku ya kuiuza, Vidole alitaka kusitisha bima yake, lakini mdogo wake alicheka.

"Ya nini, dada? Bima ni yako wewe, si ya simu. Itahamia yenyewe."

Kesho yake Vidole alikwenda ofisi ya bima na boksi la simu mpya. Mhudumu, dada mmoja mwenye sauti ya upole, alisoma tarakimu za utambulisho zilizobandikwa kwenye boksi, akaziangalia tena kwenye kompyuta.

"Mama, bima yako ni ya simu nyingine."

"Ile niliuza."

"Basi ulitakiwa kutuarifu tuisitishe. Bima hushika simu iliyosajiliwa, haimfuati mtu. Hii mpya ilihitaji bima yake, tena kabla haijavunjika."

"Na makato ya kila mwezi?"

"Ni ya ile uliyouza."

"Kumbe namlindia seremala simu yake!"

"Hata yeye halindwi. Jina ni lako, na simu si mali yako tena."

"Sasa inamlinda nani?"

Mhudumu alishusha macho. "Kabla ya kuongeza muda wa bima tulimuuliza wakala wako. Alijibu kwamba simu bado unayo." Kisha akaongeza, "Ukituthibitishia siku uliyouza, tutaifunga kuanzia siku hiyo. Ulichokatwa baadaye tutakirudisha."

Vidole hakumbuki alivuka vipi barabara. Alimkuta mdogo wake dukani akipanga makava ya simu kwa rangi.

"Uliwaambia simu bado ninayo?"

Kijana hakuuliza ni simu ipi. Hilo ndilo lililomchoma.

"Dada, keti kwanza."

"Nimekaa sana. Uliwaambia?"

"Bima ikiendelea, wakala hupata chake kidogo. Nilijua wewe hutalalamika."

"Ningekuwa mteja wa kando ungenidanganya?"

Alikuna kisogo. "Mteja wa kando angenishitaki."

Vidole alicheka, kicheko kikavu kama nywele zisizotiwa mafuta. Kumbe undugu wake ndio uliokuwa bei nafuu kuliko vyote dukani humo! Aligeuka kutoka. Kijana akaruka meza, akamshika mkono.

"Dada, nakuomba. Ukienda kule sema umeuza wiki hii. Wakijua tarehe ya kweli, watanivua uwakala. Kioo nitakutengenezea mimi, bure kabisa."

"Kioo!" alisema, akauvuta mkono wake.

Seremala alikuwa bado na ujumbe wa malipo kwenye simu ile ile aliyouziwa. Hakuhitaji kubembelezwa, alijipangusa vumbi la mbao, akafuatana na Vidole hadi ofisini. Mdogo wake alikuwa amewatangulia. Alisimama karibu na mlango, mikono nyuma, kama mtoto aliyeitwa na mwalimu. Alimtazama dada yake.

Mhudumu aliusoma ujumbe wa seremala.

"Tarehe imeonekana. Nani mwingine alikuwepo mlipouziana?"

Vidole alihisi macho yale mgongoni. Alikuwa amezoea kuyajibu kwa kusema ndiyo.

"Wakala wenu alikuwepo. Ndiye aliyetukutanisha."

"Mnafahamiana naye?"

"Ni mdogo wangu, tumbo moja."

Vidole vya mhudumu vilisita juu ya kompyuta. "Niandike hivyo, mama?"

Mlangoni kijana aliita kwa sauti ndogo, "Dada."

Vidole hakugeuka.

"Andika," alisema. "Na bima hiyo ifunge."