Yupi Kati ya Wawili wa Kiberege

Tangu mumewe Osward afariki, Eliza hakuwa amepiga picha hata moja. Osward ndiye aliyekuwa mpiga picha. Eliza alikuwa akiosha picha, kuzikausha na kuzipanga. Studio yao ya Ifakara ilikuwa imegeuka duka la vitenge la mpangaji, lakini sanduku la bati lilibaki chumbani kwake. Ndani yake kulikuwa na picha zisizochukuliwa, filamu, shajara za Osward, vishina vya stakabadhi alizowakatia wateja, na barua zao. Wanawe walimshauri auchome ule uchafu. Alikataa, na hakusema kwa nini.

Siku moja ya kiangazi mwaka 1994, kijana aitwaye Jeremia alifika kutoka Uchindile. Aliamkia, akaketi, akasimama tena.

"Mama, nataka uso wa baba yangu ukuzwe. Tuna misa ya kumkumbuka Jumapili."

Akatoa picha iliyofifia. Vijana wawili walisimama gulioni Kiberege, mmoja ameshika usukani wa baiskeli, mwingine ameshika kofia. Nyuma, kwa kalamu ya wino, iliandikwa: *Lukelo, mwenye kofia.*

Lukelo ndiye baba yake. Alizama mtoni mtumbwi ulipopinduka, Jeremia akiwa bado tumboni, na mama yake akamfuata kabla mtoto hajajua kuongea. Alilelewa na shangazi wa mama yake, Fausta, ambaye hakuwahi kumwona Lukelo.

"Nani kaandika hapa?" Eliza aliuliza.

"Bibi Fausta. Aliambiwa na jirani."

"Basi ni maneno ya jirani. Osward hakuandika majina nyuma ya picha. Aliandika namba tu, kwa penseli. Hii hapa pembeni, 118."

"Mama, mimi nimemwangalia mtu huyu maisha yangu yote."

"Najua, mwanangu. Ndiyo maana sitaki nikate uso usio wake."

Jeremia alitoka nje, akarudi, akatoka tena. Eliza alifungua sanduku polepole, akiweka kila rundo mezani kwa mpangilio uleule, maana karatasi zilizokuwa pamoja zilisaidiana kueleza. Alitafuta kishina namba 118. Kilisema: Lukelo, nakala mbili, 10 Juni 1967. Akachukua shajara ya mwaka huo. Osward alikuwa ameandika siku ileile: *Kiberege gulioni. Lukelo na rafiki yake Msukuma wa shamba la miwa, pamoja na baiskeli. Upepo mkali.*

"Umeona?" Jeremia alisema. "Ni wao."

"Ni wao, ndiyo. Lakini yupi ni yupi?"

Shajara haikusema. Eliza alipitia barua moja baada ya nyingine hadi akaikuta ya mtu aitwaye Seni, iliyotumwa kutoka Shinyanga, nchi ya Wasukuma, mwaka 1970. Akaisoma kwa sauti:

"*Ndugu Osward, nimesikia Lukelo amezama na mtumbwi. Nakala yangu imeharibika, namba ya nyuma tu ndiyo inasomeka. Naomba nakala ya ile ya stakabadhi 118, yeye ameshika baiskeli na mimi nina kofia mkononi.*"

Jeremia aliichukua picha, akaisogeza dirishani. Aliyeshika baiskeli alikuwa amekunja uso kwa jua, na sikio lake moja tu ndilo lililoonekana vizuri.

"Una hakika, mama?"

"Namba ya picha, ya kishina na ya barua ni moja. Tarehe ya kishina ni ya shajara. Na aliyeandika barua yumo pichani mwenyewe, anajua alishika nini. Jirani alikumbuka vibaya. Nina hakika kwa hilo."

Jeremia alikaa chini, akaigeuza picha na kuyasoma tena maandishi ya nyuma.

Eliza alimwazima filamu ya picha hiyo aipeleke studio ya mjini, na akamwambia wakuze picha nzima, wasikate mtu. Jumapili ile iliwekwa karibu na altare. Bibi Fausta aliitazama wakati wote wa misa. Nje ya kanisa alimshika Jeremia mkono.

"Miaka yote hii nimewasha mishumaa kwa mwenye kofia. Kama bado yu hai, mimi nimemfanya marehemu."

"Bibi, hukujua."

"Sikuuliza pia."

Jeremia aliandika barua kwa anwani ya Shinyanga, akijua ina zaidi ya miaka ishirini. Wiki kadhaa alipita posta ya Ifakara, na kila mara akapitia kwa Eliza kabla ya kurudi nyumbani. Jibu lilifika mwezi wa Desemba, kwa mwandiko wa binti wa Seni. Seni alikuwa hai, ila macho yake yamepungua nguvu. Alikuwa ameuliza kama mtoto wa Lukelo anajua kuogelea.

Jeremia hakujua kuogelea. Aliisoma barua mara nyingine akiwa amesimama mlangoni kwa Eliza, akaomba karatasi ili ajibu hapohapo.