Sisi Wote wa Tarehe Moja Januari

Nilikuwa karani wa shamba la kahawa huko Masisi wakati Madame, bibi ya patron wetu, Mzungu mwenye shamba, aliponipa kitabu chake cha adresi. Alitaka nitafute humo siku ya kuzaliwa na siku ya ndoa ya kila rafiki yake, Wazungu wote. Kisha, kwenye kalenda ya ukutani, nirudi nyuma siku saba, niandike jina na wazo la zawadi. Juma moja ndilo lilitosha kamio, lori la shamba, kwenda Goma kununua zawadi na kurudi.

Nikaandika. Tarehe 3 Machi: bibi ya daktari, kazaliwa tarehe 10, manukato. Tarehe 2 Mei: mbwa mweusi wa Madame, kazaliwa tarehe 9, mfupa wenye nyama. Juma zima la kutafuta mfupa!

Siku moja, baada ya misa, patron akasema tuwaongeze wafanyakazi kwenye kalenda. Nikafungua vitambulisho vyao, hata changu. Serikali ilikuwa imeandika mwaka wa kuzaliwa tu, tena wa kukisia.

"Weka wote tarehe moja Januari," Madame akasema.

Nikahesabu siku saba nyuma, nikaangukia Noeli.

"Vizuri sana!" akapiga makofi. "Siku hiyo tayari tunawagawia chumvi kila mwaka. Andika: chumvi. Zawadi iko moja tu."

Nikaandika, na jina langu katikati. Katika kalenda ile nzima, mweusi pekee mwenye siku yake mwenyewe alikuwa mbwa.