Sekunde Kumi na Nne za Moloimet

Eunike alikuwa mratibu wa safari katika kampuni ndogo ya utalii pale Karatu, na kwa miaka kumi na moja sauti yake ndiyo iliyowaamsha madereva na kuwarudisha nyumbani. Mumewe alikuwa amefariki mapema. Mtoto wake mmoja alisoma Arusha, na yeye alikodi chumba na sebule nyuma ya soko. Maisha yake yaliyobaki yalikuwa mezani pake ofisini, kwenye ramani ya hifadhi na majina ya magari.

Zamani magari yalikuwa na simu za upepo. Ukibonyeza kitufe, gari lililo karibu linakusikia papo hapo, hata kama hakuna mnara wa simu hata mmoja upande huo. Ubaya wake ni kwamba ofisini hazikufika. Gari likishapita ukingo wa kreta, lile shimo kubwa la volkano ndani ya hifadhi, Eunike alibaki kukisia tu. Ndipo akasikia habari za programu ya simu ya mkononi inayofanya kazi vilevile: unabonyeza, unasema, unaachia, na mwenzako anasikia popote alipo, mradi mtandao upo. Akaipenda. Akamwomba mkurugenzi, Bwana Abdulwahabu, ampe ruhusa ya kuijaribu.

Aliijaribu kwa wiki mbili. Karatu mjini sauti ilichelewa kwa pumzi moja tu. Rhotia vilevile, na geti la Lodoare, la kuingilia hifadhini, vilevile. Aliwaonyesha madereva namna ya kuizuia simu isiilaze programu ili kuokoa chaji, maana ikilazwa hawasikii kitu hadi waifungue. Walipolalamika kuhusu bando, akawaeleza kwamba maneno ya dakika nzima hayafiki uzito wa picha moja wanayotumiana kwenye makundi yao.

Siku ya mwisho ya jaribio alimwomba mzee Moloimet aseme akiwa bonde la Malanja, ng'ambo ya kreta. Moloimet ndiye aliyekuwa mkongwe kuliko wote, mtu mpole mwenye kicheko cha kutikisa tumbo, aliyemwita Eunike "binti yangu" tangu siku yake ya kwanza ya kazi. Alisema maneno yake saa nne kamili. Yalifika saa nne na dakika ishirini na tano. Simu yake iliyahifadhi hadi ilipopata mtandao, ndipo ikayatuma. Eunike aliona hilo. Kwenye karatasi ya majaribio, mbele ya neno Malanja, aliandika: "Ujumbe ulifika."

Hakuandika ulifika baada ya muda gani. Alikuwa na haraka, na tena alitaka jambo lake likubaliwe. Mkurugenzi alisoma, akaridhika. Mwezi uliofuata simu za upepo ziling'olewa kwenye magari, zikawekwa stoo.

Msimu mzima ulipita bila tatizo. Kisha ikaja Jumanne moja ya Februari. Gari lililokuwa na wageni huko Ndutu, mbele ya Malanja, liliharibika, na Moloimet akatumwa peke yake kwenda kuwachukua. Nyuma yake alikuwa Loserian, kijana aliyefundishwa kazi na Moloimet mwenyewe, akiwa na familia ya wageni waliotaka kuwatazama twiga wa Malanja.

Saa tano na nusu asubuhi simu ya Eunike ilikwaruza, kisha ikasema kwa sauti ya Moloimet, taratibu, kama mtu anayebeba mzigo:

"Eunike, binti yangu. Nimeegesha chini ya Malanja, njia ya kushuka Olduvai. Kifua kinabana, na mkono huu hauna nguvu. Mwambie Loserian aje. Hayuko mbali."

Eunike akabonyeza mara moja. Alimwambia amempata, asishuke garini, alegeze shati, Loserian anakuja. Akaachia kitufe akasubiri. Akabonyeza tena. Hapo ndipo jicho lake lilipoangukia maandishi madogo chini ya ujumbe: ulirekodiwa saa nne na dakika arobaini na nane. Simu ya mzee ilikuwa imeuhifadhi hadi mtandao ulipopita kidogo.

Alikuwa akiongea na mtu wa dakika arobaini na mbili zilizopita.

Alimtafuta Loserian kwenye programu, na kialama cha kusubiri kikazunguka bila kikomo. Akaiacha, akapiga simu ya kawaida, kwa kuwa mahali pengine simu ya kawaida hupita pale ambapo data imekwama. Mara ya tatu ikaita. Loserian alikuwa umbali wa kilomita saba tu kutoka alipokuwa mzee wake. Alikuwa amekaa hapo karibu saa nzima, wageni wakipiga picha, na simu yake haikuwa imesema neno.

Alifika kwa dakika kumi na mbili. Akakuta injini imezimwa na breki ya mkono imevutwa, kila kitu kama mzee alivyomfundisha. Moloimet alikuwa ameegemea usukani, simu ingali mkononi. Alikuwa amekwisha kufa.

Walimzika Rhotia, kwenye kiwanja chake, watu wa ukoo wakija kutoka mbali kama Soitsambu. Daktari alisema moyo wa namna ile huenda usingengoja hata angefikiwa mapema, na huenda ungengoja, hakuna ajuaye. Wengi walichukua nusu ya kwanza ya maneno hayo, wakampa Eunike kama faraja. Yeye alibaki na ile nusu ya pili.

Baada ya siku saba Naserian, mjane wa Moloimet, alimwita. Alikuwa amesikia kwamba sauti ya mumewe ipo kwenye simu. Walikaa wawili jikoni. Eunike akaifungulia. Zilikuwa sekunde kumi na nne. Naserian alisikiliza, akaomba tena, akaomba mara ya tatu. Kisha akauliza kama mumewe alijua kwamba hakusikika.

"Sijui, mama," Eunike alijibu. "Simu ilimwonyesha alama ya kusubiri, kama aliitazama. Lakini nina neno jingine. Mimi nilijua pale ujumbe huchelewa. Niliona siku ya majaribio, nikaandika umefika. Zile simu za zamani zingekuwa garini, Loserian angemsikia hapohapo."

Naserian hakulia wala hakumfukuza. Alifunika chungu kilichokuwa motoni.

"Alikuwa akikusifu," alisema mwishowe. "Nenda nyumbani, Eunike. Leo siwezi kukwambia neno jema, na baya sitaki kulisema."

Eunike alirudi kwa bodaboda, upepo ukimkausha machozi kabla hayajafika shavuni.

Kesho yake aliandika upya taarifa ya majaribio, safari hii akiweka saa ya kusema na saa ya kufika, akaipeleka kwa Bwana Abdulwahabu pamoja na barua ya kuacha kazi. Mkurugenzi alisoma taarifa mara mbili. Alisema saini iliyoondoa simu za upepo ilikuwa yake, na kwamba yeye ndiye hakuuliza alichopaswa kuuliza. Barua akamrudishia.

Simu za upepo zilirudishwa kwenye magari, na programu ikabaki kwa sehemu zenye mtandao. Kila dereva sasa huanza kwa kutaja saa, na hakuna ujumbe unaohesabiwa umefika mpaka mwenzake ajibu.

Eunike bado yuko kwenye meza ile. Madereva wanasema amekuwa mtu wa maneno machache, na kwamba akisikia sauti yoyote hutazama saa kwanza kabla ya kuitikia salamu. Naserian humwamkia wakikutana sokoni. Hawajawahi kukaa tena jikoni pamoja.